Koti lililolowa si lazima liwe linavuja

Mtu katembea kwenye mvua, kafika, kavua koti, kakuta shati limeshikana na mgongo, na hapohapo anatoa hukumu: koti linavuja, limekwisha, nahitaji jingine. Hukumu hii naisikia kila msimu wa mvua, na mara nyingi koti linalohukumiwa halijapitisha hata tone moja. Limelowa tu. Kulowa na kuvuja ni hitilafu mbili tofauti. Zinatokea katika sehemu mbili tofauti za koti, na dawa ya moja haiigusi nyingine.

Maana yenyewe haina urefu. Koti la mvua la kisasa limetengenezwa kwa tabaka. Juu kuna kitambaa cha nje, kwa kawaida nailoni au poliesta, ambacho kazi yake ni kuhimili misuguano. Nyuma ya kitambaa hicho umegandishwa utando mwembamba sana, na huo utando ndio unaozuia maji. Ndani kuna kitambaa chepesi cha kuulinda utando, ama kikiwa kimegandishwa nao au kikining'inia chenyewe kama bitana ya kawaida. Ile namba inayoandikwa kwenye lebo, tuseme milimita 10,000, inahusu kipande cha kitambaa pamoja na utando wake: kinabanwa kwenye kifaa, maji yanasukumwa juu yake kwa shinikizo linaloongezeka, na namba ni kimo cha safu ya maji inayolingana na shinikizo lililofika kabla matone hayajapenya. Milimita 10,000 ni safu ya mita kumi. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu mishono, wala kuhusu kile kinachofanya maji yaviringike na kudondoka juu ya koti jipya.

Hicho kinachoyaviringisha maji ndicho chanzo cha mkanganyiko wote. Kitambaa cha nje hupakwa kiwandani dawa ya kufukuza maji. Si rangi wala plastiki inayoziba matundu. Ni kemikali inayoshika kila uzi mmoja mmoja na kuufanya maji yasitake kuukumbatia, kwa hiyo tone linabaki limejikunja na linateleza. Watu wanaona matone yanateleza, wanadhani huo ndio uzuiaji wa maji. Siku yakiacha kuteleza na kitambaa kikageuka rangi ya kukolea, wanadhani uzuiaji umekufa. Lakini nyuma ya kitambaa hicho kilichorowa, utando uko vilevile ulivyokuwa na maji ya mvua hayajavuka.

Basi shati limelowa na nini? Na jasho. Utando umetengenezwa ili mvuke wa jasho upite kutoka ndani kwenda nje, na mvuke hausukumwi na kitu kingine ila tofauti: ndani kuna joto na unyevu mwingi, nje kuna ubaridi na unyevu kidogo zaidi. Kitambaa cha nje kikishajaa maji, tofauti hiyo inapungua sana, kwa kuwa sasa upande wa pili wa utando kumetandazwa tabaka la maji. Tena maji hayo yanalipoza koti lote, na mvuke ukigusa ukuta wa baridi unageuka kuwa matone upande wa ndani, kama kwenye mfuniko wa sufuria. Mtu anahisi baridi, anahisi majimaji, na hana sababu ya kutoamini kuwa mvua imeingia. Simlaumu. Nalaumu wauzaji wanaomwambia koti lake limezeeka.

Dawa hii ya kufukuza maji haidumu, na haikukusudiwa kudumu. Inaondoka kwanza pale panaposuguliwa, yaani mabegani chini ya mikanda ya begi, kiunoni, na kwenye mikono ya koti. Mahali pengine haijaondoka, imefunikwa tu: na vumbi, na mafuta ya ngozi shingoni na kwenye vifundo vya mikono, na mabaki ya sabuni. Sabuni ndiyo msaliti mkubwa kuliko wote, kwa sababu kazi yake yote ni kuyafanya maji yashikane na kitambaa. Ukifua koti kwa sabuni ya unga nyingi na kulisuuza haraka, unaacha kwenye nyuzi kitu kinachoyaita maji. Kilainishi cha nguo ni kibaya zaidi, kwa kuwa kinatengenezwa kibaki kwenye nguo.

Makoti ya siku hizi pia hulowa mapema kuliko ya zamani, na hili si kwamba ubora umeshuka kwa uzembe. Dawa za zamani zilikuwa na florini, na zilifukuza maji na mafuta pia. Kemikali za jamii hiyo haziozi katika mazingira. Mmojawapo wa jamaa zake, PFOA, uliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya vitu vinavyopaswa kuondolewa chini ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali hatari zisizooza, na watengenezaji wengi wamehamia dawa zisizo na florini kabisa. Hizi mpya zinafukuza maji vizuri ila hazifukuzi mafuta. Kwa hiyo koti linachafuka upesi, na mtu anayeogopa kulifua ili asiliharibu ndiye anayeliharibu.

Tuchukue koti moja. Lina misimu kadhaa, mabega na mikono yake vinakolea rangi dakika chache baada ya mvua kuanza, na ndani mgongo umelowa. Kabla ya kununua chochote, liache likauke kabisa, kisha litandaze mezani bila mtu ndani, upande wa nje juu, na uweke karatasi laini za tishu chini yake, zikigusa upande wa ndani wa mabega. Mwagia maji juu, yatuame kidogo, ngoja robo saa. Hakuna mwili hapo, kwa hiyo hakuna jasho. Tishu zikiwa kavu ilhali kitambaa cha juu kimekunywa maji, utando ni mzima na kilichobaki ni suala la dawa. Tishu zikilowa kwa mstari unaofuata mshono, tatizo ni mshono. Zikilowa kwa bakabaka katikati ya kitambaa, mbali na mshono wowote, utando wenyewe umetoboka au umeanza kubanduka, na hapo hakuna dawa ya kupuliza itakayokuokoa.

Tuseme tishu ni kavu. Funga zipu na vibandiko vyote, soma lebo ya ndani, halafu fua kwa sabuni ya maji kidogo, isiyo na kilainishi, katika maji ya nyuzi 30 hivi, na lisuuze mara mbili. Sehemu ya mashine ya kuwekea sabuni nayo ioshwe kwanza, maana mabaki ya kilainishi hukaa humo. Likishakauka, lipashe joto: mashine ya kukaushia kwa moto mdogo kwa dakika 20 hivi, au pasi ya joto la chini bila mvuke, huku umeweka taulo jembamba kati ya pasi na koti, iwapo lebo inaruhusu. Joto linazipanga upya kemikali za dawa zilizolala kwa misuguano, ndiyo maana wengi hushangaa kuona matone yanaviringika tena bila wao kuongeza kitu. Lijaribu kwa kunyunyiza maji. Hatua ya kununua dawa inakuja baada ya hapo tu, kama mabega bado yanakunywa.

Dawa zenyewe ni za aina mbili: ya kupuliza na ya kuchanganya na maji ya kufulia. Kwa koti lenye bitana inayoning'inia napendelea ya kupuliza, kwa sababu ile ya kufulia inapaka ndani pia, na bitana iliyokusudiwa kunyonya jasho inaanza kulikataa. Puliza koti likiwa safi na lenye unyevu, ongeza mabegani na mikononi, pangusa matone yaliyobaki kwa kitambaa, kisha fuata chupa inavyosema kuhusu joto. Baadhi zinalihitaji, nyingine zinakauka kwa hewa tu. Ukipuliza juu ya uchafu, unaupaka dawa uchafu, na utaondoka nayo.

Sasa mshono, ambao ndio makao halisi ya kuvuja. Tatizo lake ni la zamani kama makoti yenyewe. Mkemia wa Uskoti, Charles Macintosh, alipata hataza yake mwaka 1823 kwa kubandika pamoja vitambaa viwili kwa mpira ulioyeyushwa katika nafta. Kitambaa kilizuia maji vizuri. Mafundi walipokishona, sindano zao zilikitoboa na maji yakapita palepale. Hesabu mwenyewe: mshono wa bega wenye urefu wa sentimita 20, ukiwa na matobo manne kila sentimita, una matundu 80, na hilo ni bega moja.

Suluhisho ni utepe. Upande wa ndani, juu ya mshono, unalazwa utepe wenye upana wa sentimita mbili hivi, uliopakwa gundi inayoyeyuka kwa joto. Mashine inapuliza hewa ya moto chini ya utepe, gundi inayeyuka, magurudumu yanaukandamiza hadi gundi iingie kwenye matundu na kushika utando pande zote mbili. Ligeuze koti ndani nje utauona. Makoti mengine yana utepe kwenye kila mshono; mengine yanao mabegani na kwenye kofia tu, na kwapani hakuna kitu. La aina hii ya pili likipitisha maji kwapani halijaharibika, ndivyo lilivyotengenezwa.

Utepe unabanduka kuanzia kwenye ncha na pale mishono inapokutana, hasa shingoni ambako kuna mafuta. Ukiinuka kidogo tu, safisha chini yake kwa spiriti kwa kutumia pamba, acha pakauke, rudisha utepe mahali pake na uukandamize kwa pasi ya joto la wastani juu ya kitambaa cha pamba kwa sekunde chache, kisha usiuguse mpaka upoe. Ukiwa umekauka na kupasukapasuka, utoe wote, ondoa gundi ya zamani, uweke mpya au upake gundi ya maji ya mishono. Angalia tu kitambaa kimepakwa nini: kilichopakwa silikoni kinakubali gundi ya silikoni pekee, nyingine itabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Na fundi akikuwekea mfuko mpya au kukushonea nembo kifuani, akakuambia ameshona kwa kubana sana na maji hayatapita, mshukuru kwa kazi. Kisha mwambie taratibu kwamba uzi kubana hakuzibi tundu la sindano, na muulize kama ana utepe wa kuweka upande wa ndani.