Kwa nini modeli ya tabianchi haikupi namba moja

Hapa Kisumu nikisema kaboni dayoksaidi hewani ikiongezeka mara mbili dunia itapata joto zaidi la kati ya nyuzi 2.5 na 4, swali linakuja hapo hapo: sasa ni ngapi kamili? Ni swali halali kabisa na jibu lake liko kwa mawingu, maana yanazuia jua na pia yanashika joto.

Kwa modeli ya dunia nzima tunagawanya hewa na bahari kwa visanduku, mara nyingi karibu kilomita 100 kila upande, halafu kompyuta inapiga hesabu ya upepo, joto na unyevu vinavyotoka kisanduku kimoja kwenda kingine. Hiyo ni fizikia tu, haina ubishi. Shida ni kwamba wingu ni dogo kuliko kisanduku. Ziwa Victoria lote, kilomita mraba kama 68,000, ni visanduku saba hivi, na usiku nchi kavu ikipoa upepo unatoka pande zote kuingia ziwani, hewa inapanda, radi inapiga huko majini wavuvi wakiwa kazini, na modeli haioni hata wingu moja la hiyo mvua. Inabidi tuiwekee kanuni ya kukadiria: unyevu ukifika kiasi fulani, wingu lifunike sehemu fulani. Kila kikundi cha watafiti kina kanuni yake, na zote zina mantiki.

Sasa tunajuaje zinafaa? Tunazirudisha nyuma, yaani modeli ihesabu miaka iliyopita halafu tulinganishe na vipimo. Mlima Pinatubo kule Ufilipino ulilipuka Juni 1991, ukarusha salfa juu sana, na dunia ikapoa karibu nusu nyuzi kabla joto kurudi. Modeli zikipewa hiyo salfa zinapoa vivyo hivyo. Lakini watafiti walipozima ndani ya modeli ule upungufu wa mvuke, unaoshika joto, ambao huja hewa ikipoa, baridi ilikuwa kidogo mno kuliko iliyopimwa, kwa hivyo tukajua sehemu ya mvuke iko sawa.

Mawingu hayakupata mtihani mkali hivyo, maana miaka miwili mitatu ya baridi ni mifupi, na kanuni tofauti zote zinaweza kuipita halafu zikaachana zikifika mwaka 2100. Modeli kadhaa za karibuni zilitoa zaidi ya nyuzi 5, na nyingi ya hizo zikirudishwa nyuma zinaonyesha joto la miaka ya karibuni kupanda haraka kuliko vipimo, ndiyo maana ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, haikuhesabu tu wastani wa modeli, ilizipima na rekodi za kale pia, ikabaki na 2.5 hadi 4, na 3 ndiyo makadirio bora.

Kwa mvua mimi niko makini zaidi. Modeli nyingi zinasema masika yetu ya Machi hadi Mei yataongezeka, ilhali rekodi za Afrika Mashariki zilionyesha yakipungua tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010. Kwa hivyo mkulima wa mpunga Ahero akiniuliza juu ya joto namjibu bila wasiwasi, akiuliza masika namwambia ajipange kwa pande zote mbili, mafuriko ya mto Nyando na msimu mkavu.