Bei ya bodaboda, si riba

"Murabaha, ile biashara ya benki ya Kiislamu kununua bidhaa na kukuuzia kwa faida, si mkopo wa riba uliobadilishwa jina tu?"

Fungua vitabu vya hesabu. Tuseme benki moja mjini Kampala inanunua kwanza bodaboda kwa shilingi 6,000,000 na kuiandika kama bidhaa yake. Ikiungua kabla ya kuuzwa, hasara ni ya benki. Kisha inamuuzia dereva kwa 7,200,000, faida ikitajwa wazi, alipe 600,000 kwa miezi 12. Sasa bidhaa inatoka, deni la 7,200,000 linaingia, na ile 1,200,000 husubiri kama faida iliyoahirishwa, ikihesabiwa mapato kidogo kidogo. Dereva akichelewa, bei haipandi. Riba ya mkopo ingeendelea kuzaana.

Shaka yako ina haki pale risiti ya duka ambako benki ilinunua bodaboda inapoonyesha tarehe ya baada ya mkataba wa kumuuzia dereva: benki iliuza kisicho chake.