Kuamka usiku kukojoa: si kila mara kosa ni la kibofu

Kibofu kinachofanya kazi kupita kiasi hutambulika kwa dalili moja kuu: mtu hubanwa na mkojo ghafla na kwa nguvu, kiasi kwamba kusubiri kunakuwa shida, na wakati mwingine mkojo humtoka kabla hajafika chooni. Kwa kawaida dalili hiyo huambatana na kwenda haja ndogo mara nyingi mchana na kuamka usiku. Kwa kuwa mambo haya huonekana pamoja, watu wengi, wakiwamo baadhi ya wauzaji wa maduka ya dawa, huyachukua kuwa ugonjwa mmoja wenye dawa moja.

Dhana: Anayekojoa mara kwa mara ana maambukizi ya njia ya mkojo

Maambukizi yanaweza kuleta dalili hizi, ndiyo maana kipimo cha mkojo hutangulia. Lakini kama kipimo hakioneshi maambukizi, antibayotiki haitasaidia, na kurudia dozi nyingine kila baada ya wiki chache hujenga usugu wa vimelea bila kumpa mgonjwa nafuu yoyote. Damu kwenye mkojo ni habari nyingine kabisa. Katika maeneo yenye kichocho, kama Zanzibar na kandokando ya maziwa na mabwawa mengi ya Afrika Mashariki, damu hiyo huweza kuwa ya kichocho, na kwa mtu mzima huweza pia kuwa dalili ya saratani ya kibofu. Kwa hiyo mwenye damu, maumivu au mkojo unaotoka kwa shida asianze matibabu ninayoyaeleza hapa kabla ya kuchunguzwa. Mwanamume mwenye mkojo dhaifu unaokatikakatika achunguzwe tezi dume.

Dhana: Kuamka mara tatu usiku ni ushahidi kwamba kibofu ni kidogo au kimechoka

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na kifaa cha kuyaepuka ni daftari la mkojo. Kinachohitajika ni kopo au jagi lenye alama za mililita, kalamu, na siku 3, ambazo si lazima zifuatane. Kila mara mtu anapokojoa, huandika saa na kiasi. Huandika pia alichokunywa, kama alibanwa ghafla, kama mkojo ulimtoka, saa aliyolala na saa aliyoamka. Jambo linalosahaulika ni kwamba mkojo wa kwanza wa asubuhi huhesabiwa kuwa wa usiku, kwa sababu figo ziliutengeneza mtu akiwa amelala, ilhali ule wa kabla ya kupanda kitandani ni wa mchana.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 66 mwenye shinikizo la damu, anayetumia amlodipini, na furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, anayoimeza kabla ya kulala. Analala saa nne usiku. Daftari lake linaonesha mililita 250 saa sita, 270 saa nane, 200 saa kumi, kisha 180 anapoamka saa kumi na mbili asubuhi: jumla 900. Mchana wote alikojoa mara sita, jumla pia 900. Nusu ya mkojo wake wa saa 24 hutengenezwa usiku, wakati kwa mtu wa umri wake sehemu hiyo haitarajiwi kuzidi theluthi moja. Kibofu kinachoweza kubeba mililita 270 hakiwezi kulaumiwa peke yake. Figo ndizo zinazokijaza kupita kawaida.

Mlinganishe na jirani yake, ambaye naye huamka mara tatu, lakini daftari lake linasema 90, 80, 100, na 110 asubuhi. Hizo ni mililita 380 kati ya 1,500 za siku nzima, yaani robo tu. Mchana pia hukojoa kidogokidogo, na karibu kila mstari una alama ya kubanwa ghafla. Huyu ndiye mwenye sura ya kibofu kinachofanya kazi kupita kiasi. Wote wawili wangemwambia daktari sentensi ileile, kwamba wanaamka mara tatu, na bila daftari wangetoka na dawa ileile.

Kwa mama wa kwanza, maji yanatoka wapi? Miguu yake huvimba jioni, na amlodipini inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu. Akilala, maji yale hurudi kwenye damu na figo huyachuja, huku furosemidi aliyomeza usiku ikiongeza kazi. Daktari wake anaweza kuihamishia furosemidi alasiri, takriban muda wa saa sita kabla ya kulala, yaani saa kumi, na kumshauri ainue miguu kwa muda wakati huohuo ili maji yatoke kabla ya usiku. Asibadilishe dawa mwenyewe. Kama mkojo wa usiku bado ni mwingi, hutafutwa kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo, na hali ya kukoroma na kukatika pumzi usingizini, ambayo nayo huongeza mkojo wa usiku.

Dhana: Dawa ni kuacha kunywa maji

Mkojo mzito hukera kibofu, na kukosa maji huleta kufunga choo, jambo linalozidisha kubanwa. Kinachofaa ni kusogeza unywaji mwingi uwe mchana, kupunguza vinywaji saa chache kabla ya kulala, na kupunguza chai ya rangi na kahawa, hasa za jioni.

Dhana: Ni salama kwenda chooni mapema, kabla ya kubanwa

Tabia hii hukizoesha kibofu kulalamika kikiwa na mkojo kidogo. Matibabu ya kwanza kwa yule jirani ni kinyume chake. Kama daftari linaonesha kwamba huenda kila saa moja, huanza na muda huo, kisha huongeza dakika 15 kila wiki hadi afikie saa 3 au 4. Anapobanwa kabla ya wakati, asikimbie, kwa maana mkojo huwatoka wengi wakiwa wanakimbilia chooni. Asimame au aketi, akaze haraka mara tano au sita misuli ile ile anayoitumia kuzuia upepo, asubiri hamu ipungue, ndipo atembee taratibu. Zoezi hili huhitaji angalau wiki 6, na wengi huliacha wiki ya pili.

Dhana: Kidonge kingemaliza yote haya kwa siku mbili

Dawa huongezwa pale mazoezi yasipotosha, na hupimwa baada ya wiki 4 hadi 8 kwa kuandika daftari upya. Oksibutinini na solifenasini hutuliza misuli ya kibofu, lakini hukausha mdomo na kufunga choo, na kwa wazee huweza kuchanganya akili, hasa zikikutana na dawa nyingine zenye athari hiyohiyo, kama amitriptilini au klorofeniramini ya mafua. Mirabegroni haina ukavu huo kwa kiasi hicho, ila huweza kupandisha shinikizo la damu, hivyo shinikizo hupimwa kwanza na haitolewi likiwa juu sana.

Mama wa kwanza akipewa oksibutinini, figo zake zitaendelea kutengeneza mililita 900 usiku, na mdomo mkavu utamfanya anywe maji zaidi akiwa kitandani. Ipo desmopresini, inayopunguza kazi ya figo usiku, lakini hushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu, hatari inayoongezeka kwa wenye zaidi ya miaka 65, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata degedege. Ndiyo maana sodiamu hupimwa kabla ya kuanza na tena ndani ya wiki ya kwanza. Haipaswi kutumiwa pamoja na furosemidi, kwa hiyo kwake kubadilisha saa ya kidonge alichonacho hutangulia kuongeza kipya.