Bia za jioni, sindano ya 30/70 na sukari inayoshuka alfajiri

Swali ninaloulizwa sana kwenye dirisha la famasi ni kama mwenye kisukari akinywa bia mbili tatu sukari itapanda. Itapanda kidogo, ndiyo, kwa sababu bia ina wanga. Lakini kwa anayejichoma insulini, au anayemeza vidonge vya kisukari vya glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi, ninachokihofia mimi ni sukari kushuka. Nayo hushuka saa ambazo mwenyewe amelala fofofo, na waliomo ndani wanajua kalewa, basi.

Usiku, tumbo likiwa tupu, sukari ya damu hutoka kwenye ini, na ini lina njia mbili za kuitoa. Ya kwanza ni kuachia akiba iliyowekwa kutokana na chakula. Ya pili ni kutengeneza sukari mpya kutoka kwenye mabaki ya protini na mafuta. Fikiria nyumba ya Tabata yenye simtanki juu na pampu ya kisima chini. Pombe hailigusi sana tangi, ila huizima pampu, maana ini likiwa linachoma pombe, mazingira ya kikemikali yanayohitajika kutengeneza sukari mpya huvurugika. Maji yataendelea kutoka bombani kwa muda, kila kitu kitaonekana sawa. Kwa aliyekula wanga kidogo siku hiyo, tangi hukauka mapema.

Pampu huzimwa kwa muda gani? Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa, wala kahawa au supu ya makongoro haiharakishi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20. Konyagi ya mililita 200 ina karibu gramu 55, yaani inakaribia bia tatu. Kwa hiyo bia nne ni kazi ya saa 8 hadi 11.

Sasa tumchukue mtu wa miaka hamsini hivi, anatumia insulini ya mchanganyiko, 30/70, ile yenye rangi ya maziwa. Jioni huchoma yuniti 18. Ijumaa saa moja jioni anajichoma nyumbani, kisha anakwenda baa Sinza kukutana na wenzake. Kosa la kwanza limeshafanyika hapo. Insulini hii huchomwa nusu saa kabla ya kula, na nyama choma ya Dar ukiagiza saa moja na nusu utaiona saa mbili na nusu, jiko likiwa na wateja wengi hata zaidi. Ikifika, ni nyama, kachumbari na ndizi moja ya kuchoma. Nyama haina wanga. Wanga wa jioni yote ni ndizi ile na bia, na kila bia ina gramu kama 15.

Saa tano usiku yuko nyumbani baada ya bia nne. Anapima sukari: milimoli 11.8 kwa lita. Anajiambia amepanda, hana haja ya kula, analala. Wapo ambao hapo huongeza yuniti nne au sita ili "kuishusha", na hao ndio wanaonitisha zaidi.

Ile 11.8 ni ya kweli, ila ni habari ya saa tano tu. Sukari ya bia imeshaingia kwenye damu na haitaingia nyingine. Asilimia 70 ya ile sindano ni insulini ya kati, ambayo nguvu yake huanza kupanda saa nne hivi baada ya kuchomwa na kuendelea hadi alfajiri. Yaani inashika kasi wakati ule ule pampu imezimwa na tangi linashuka. Saa kumi alfajiri mashine ingesoma 2.6. Chini ya 4 tayari ni sukari ya kushuka, na chini ya 3 ubongo unaanza kukosa nishati ya kuendeshea kazi zake.

Kwa kawaida mwili hupiga kelele: kijasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa. Usingizi hupunguza kelele hizo na pombe huzifunika zaidi. Mke akiamka akamkuta mumewe amelowa, atalaumu joto au umeme uliokatika. Akisema maneno yasiyoeleweka, atalaumu bia. Tofauti ipo ukiangalia kwa karibu: jasho la sukari ya kushuka mara nyingi ni la baridi, shuka linalowa huku feni inazunguka na wewe uliye kando yake uko mkavu. Mlevi wa kawaida kadiri saa zinavyokwenda huzinduka. Huyu huzidi kuzama. Usibishane na dalili, chukua mashine, mtoboe kidole.

Hatari haiishi kukipambazuka. Kushuka kunaweza kuja asubuhi, hata baada ya chai, hivyo anayelala hadi saa nne akaruka kifungua kinywa anajiongezea. Na kabla ya kushika usukani au bodaboda asubuhi hiyo, pima.

Ningemshauri nini mtu yule? Achome sindano chakula kikiwa kimekaribia kweli, hata ikibidi ajichomee baa. Aagize chipsi, ugali au ndizi za kutosha pamoja na nyama, si baada ya bia ya tatu. Asizidishe bia mbili. Kabla ya kulala apime, na hata akikuta 8 au 10 ale kitu chenye wanga, vipande viwili vya mkate au kiazi, wala asichome nyongeza. Aweke alamu ya saa tisa usiku apime tena. Kupunguza dozi ya jioni ni jambo la kupangwa na kliniki yake mapema. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini kwa sababu amekunywa, atajiletea balaa jingine.

Anayetumia metformini peke yake hashuki kirahisi namna hii. Shida yake na pombe nyingi ni asidi kujaa kwenye damu, hasa figo zikiwa dhaifu.

Ukimkuta na sukari chini ya 4 na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Pima baada ya dakika 15. Bado chini, rudia. Ikipanda, mpe mkate au uji, kwa sababu pampu bado haijawashwa. Asiyejitambua usimmiminie chochote mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu, mtafutie gari. Hata sindano ya glukagoni, kwa aliye nayo, inaweza isisaidie sana hapa, kwani kazi yake ni kulifungulia tangi ambalo limeshakauka. Anahitaji glukosi ya mshipani.

Mapokezi waambie mambo matatu kwa mpigo: ana kisukari, amekunywa, anatumia dawa gani. Beba chupa au pakiti yenyewe. Wakisikia glibenklamidi watajua kwamba kuzinduka baada ya dripu si ruhusa ya kurudi nyumbani, kwani kidonge hicho hufanya kazi hata saa 24, na sukari iliyopandishwa saa kumi na moja alfajiri inaweza kushuka tena mchana.