Mzunguko wa maziwa: gari moja, wakamuaji wanne wa alizeti, kiwanda kimoja

Mzunguko wa maziwa ni safari ya gari moja la kiwanda linalopita kwa wauzaji kadhaa wadogo siku hiyohiyo, kwa ratiba isiyobadilika, likichukua kidogo kwa kila mmoja na kurudi kiwandani na mzigo kamili. Jina limetoka kwa muuza maziwa wa zamani aliyepita nyumba kwa nyumba akiacha chupa zilizojaa na kuokota tupu. Watu wengi hukumbuka kupita nyumba kwa nyumba wakasahau chupa tupu, na kumbe mara nyingi hizo chupa tupu ndizo zinazoamua kama mzunguko utafanya kazi au la.

Kinyume chake ni kupeleka moja kwa moja: kila muuzaji anatafuta gari lake, analeta mzigo wake mpaka getini, analipwa anarudi. Kwa mazoea tunaona njia hii ya pili ni ya gharama kwa sababu barabarani kuna magari manne badala ya moja. Hesabu haisemi hivyo kila mara, na ndiyo maana inafaa kuifanya kwa mfano mmoja hadi mwisho.

Tuchukue kiwanda cha kusafisha mafuta ya alizeti kilichopo Dodoma mjini, kinachonunua mafuta ghafi kwa wakamuaji wanne wa upande wa barabara ya Morogoro: mmoja Mbande, mmoja Kongwa, wawili Kibaigwa. Umbali tuukate uwe wa makumi kamili ili hesabu iwe nyepesi. Kutoka kiwandani hadi Mbande ni kilomita 70, Mbande hadi Kongwa 20, Mbande hadi Kibaigwa 30. Mafuta yanabebwa kwenye mapipa ya chuma ya lita 200, na pipa likijaa lina uzito wa kama kilo 200 pamoja na chuma chake, kwa sababu lita moja ya mafuta ya alizeti haifiki kilo, ni kama gramu 920. Kwa wiki Mbande anatoa mapipa 6, Kongwa 10, mkamuaji wa kwanza wa Kibaigwa 12, wa pili 8. Jumla 36. Kenta ya tani 4 yenye bodi la upana wa karibu mita 2 inapanga mapipa matatu kwa mstari, na mistari sita inatoa mapipa 18, yaani tani 3.6. Kwa hiyo mizunguko miwili kwa wiki inamaliza kazi.

Kila mzunguko ni kilomita 240: kwenda Kibaigwa 100, kurudi Mbande na kuingia Kongwa 50, Kongwa hadi Mbande 20, kisha nyumbani 70. Mara mbili kwa wiki ni kilomita 480. Wakamuaji hao wanne wakipeleka wenyewe mara moja kwa wiki, kila mmoja na Kenta yake, magari yatatembea kilomita 720, kwenda na kurudi, na Kenta ya Mbande itakuja na mapipa 6 kwenye nafasi ya 18. Kiwanda kikitaka mzigo mara mbili kwa wiki, kilomita zinakuwa 1,440. Hapo mzunguko umeshinda bila ubishi.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo watetezi wa mzunguko hawapendi kuitaja. Kila mkamuaji angoje mpaka atimize mapipa 18 ndipo aite gari. Magari yatakuja yamejaa, na ukigawa safari hizo kwa wiki utapata kama kilomita 370 tu, pungufu ya mzunguko. Hili halitegemei mfano wetu. Gari lililojaa linalokwenda na kurudi kwa mtu mmoja, kwa kila pipa, ni nadra kushindwa kwa kilomita. Mzunguko humshinda anayetembea na gari nusu tupu. Humshinda pia anayelazimika kungoja, ila hapo ushindi unatoka mahali pengine, si kwenye dizeli.

Mkamuaji wa Mbande angengoja wiki tatu. Kwa wiki tatu hizo fedha yake imelala kwenye mafuta wakati anahitaji kununua alizeti nyingine, na mafuta ghafi yenyewe yanakaa kwenye joto, asidi ikipanda, mashapo yakituama. Halafu mapipa. Kwa kungoja, kila mkamuaji anahitaji mapipa 18 uani kwake, jumla 72, ukiacha yaliyoko kiwandani. Kwa mzunguko wanahitaji jumla 18 kwao na mengine 18 yanayomwagwa na kusafishwa kiwandani, basi. Nusu ya mapipa, na mapipa mazuri yasiyovuja si rahisi kuyapata.

Mpangilio wa njia nao una siri yake. Gari linatoka likiwa na mapipa matupu 18, linakwenda moja kwa moja mpaka mbali zaidi, na kupakia linaporudi. Ukianza kupakia Mbande na Kongwa ukiwa unakwenda, utabeba tani moja na zaidi mpaka Kibaigwa na kuirudisha bila sababu. Kwa utaratibu wa kuanzia mbali, kila kituo ni kubadilishana: matupu yashuke, yaliyojaa kwa idadi ileile yapande, na bodi halihitaji kupangwa upya. Mkamuaji wa kwanza wa Kibaigwa anatoa 6 kila safari, wa pili 4, Kongwa 5, Mbande 3.

Kwa saa, inakuwa hivi. Gari linaondoka saa 12:00 asubuhi na kufika Kibaigwa saa 2:00. Vituo viwili vya pale, dakika 40 kila kimoja na mwendo mfupi katikati, vinaliachia saa 3:30. Kongwa linafika saa 4:30, linatoka 5:10. Mbande 5:35, linatoka 6:10. Getini saa 7:40 mchana. Muda wa kushusha na kupima upo, na mapipa yanaoshwa yawe tayari kwa safari ijayo.

Ratiba hiyo imesimama juu ya zile dakika 40. Pipa la kilo 200 halinyanyuliwi, linaviringishwa, na penye jukwaa la udongo au zege lenye kimo cha bodi, watu wawili wanapakia mapipa sita bila jasho kubwa. Pasipo na jukwaa ni mbao mbili, kamba na kelele, na kituo kimoja kinakula muda wa saa moja na nusu. Vituo vinne vikiongeza dakika 50 kila kimoja juu ya muda wake, gari linaingia saa 11 jioni, wapokeaji wameshaondoka, na mzigo unalala garini. Ukitaka kujua mapema kama mzunguko utavunjika, usiangalie barabara. Mwambie utingo aandike saa ya kuingia na kutoka kila kituo kwa wiki mbili, kisha kajenge jukwaa pale panapokula muda. Ni gharama ndogo kuliko kununua gari la pili.

Jambo la pili ni mizani. Mkamuaji anayeleta mwenyewe anapita kwenye mizani ya magari ya kiwanda na hakuna mjadala. Mzunguko ukifika pale, mizani inatoa jumla ya watu wanne na haisemi ya nani ni ipi. Kwa hiyo upimaji unafanyika uani kwa mkamuaji, mbele yake, kwa mizani ya sakafuni ya kilo 500 inayosafiri na gari. Kila pipa limeandikwa namba yake na uzito wake tupu kwa rangi, na karatasi moja inasainiwa pale pale. Bila hivyo, mwezi wa pili kutazuka ugomvi wa kilo ambao hakuna hesabu itakayoumaliza.

Sampuli vilevile. Zichukuliwe kabla ya kupakia, kwa bomba jembamba linalofika chini kabisa ya pipa, kwa sababu maji na mashapo hukaa chini na juu pote panang'aa. Maji yakionekana mara kwa mara kwa mkamuaji yuleyule, tazama mapipa yake yamesimamaje. Pipa lililosimama nje huokota maji ya mvua juu ya mfuniko, kuzunguka kizibo. Mchana hewa ya ndani inatanuka na kutoka, usiku inapoa na kunyonya yale maji polepole kupitia nyuzi za kizibo. Dawa ni kulilaza, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja wa kushoto na kulia, chini ya usawa wa mafuta, au kuliweka ndani. Na mafuta ya watu wawili yasichanganywe kabla ya majibu ya maabara, hata kama yanakwenda kwenye tangi moja: pipa moja bovu likishamwagwa, lawama inakuwa ya wote.

Anapojitokeza mkamuaji wa tano, usiulize yuko wapi, uliza anaongeza nini. Tuseme yuko kilomita 25 ndani ya barabara ya vumbi kutoka Kongwa, na anatoa mapipa 2 kila safari. Anaongeza kilomita 50 na karibu saa mbili, yaani kilomita 25 kwa pipa, wakati mzunguko wenyewe unakula kama 13. Gari lisiende kwake. Ayalete mapipa kwa toyo mpaka uani kwa mkamuaji wa Kongwa siku moja kabla, alipwe nyongeza kidogo kwa kilo, na yapakiwe kama mzigo wa kituo kile. Tani 4 zinaruhusu mapipa 20, hivyo nafasi hizo mbili zipo, ila zikishatumika hakuna tena akiba ya siku mkamuaji mwingine anapozidisha.

Anayepungukiwa ni tatizo zaidi kuliko anayezidisha. Umeme ukikatika siku mbili, Kongwa ana mapipa 2 badala ya 5, na safari inayofuata atataka kutoa 8. Kanuni inayofaa ni kupiga simu jioni ya kuamkia safari, kungoja kituoni si zaidi ya dakika 15, na kuacha matupu kwa idadi ileile ya yaliyojaa yanayoondoka. Dereva akiwa mwema akamwachia mtu matupu ya ziada, ndani ya mwezi mmoja mapipa yote yatakuwa kwa anayetoa kidogo, na anayetoa kingi hana pa kumimina.

Mzunguko hushindwa pia na bahati ya jirani. Malori ya nafaka huzunguka sana soko la Kibaigwa, na gari lililopeleka bidhaa huko linalorudi Dodoma tupu litabeba mapipa 10 kwa bei ambayo Kenta yako haiwezi kuigusa. Ikitokea mara moja, iache. Ikiwa ni kila wiki, siku ileile, mwenye gari yuleyule, watoe wakamuaji wa Kibaigwa kwenye mzunguko na upime tena kama Kongwa na Mbande peke yao wanastahili gari. Mapipa 8 kwa safari hayastahili, mapipa 16 mara moja kwa wiki yanaweza.

Alizeti ya kanda ya kati huvunwa kuanzia Mei, na miezi inayofuata mashine hukamua kwa wingi. Mvua zikianza Desemba mbegu zimeshakuwa haba na mapipa yanashuka nusu. Usiendelee na safari mbili za mapipa 9. Fanya moja ya 18, siku ileile ya wiki, na uwaambie wakamuaji tarehe ya mabadiliko wiki mbili kabla, kwa sababu watakaa na mafuta siku 7 badala ya 3 au 4 na watahitaji mapipa matupu mara mbili ya yale ambayo ungewaachia kwa safari za mapipa 9.