Kwa nini siki hupimwa kwa POP na si MO: hesabu ya uwiano ndani ya kiashiria

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha sita ni kiashiria kipi kinafaa kupima siki kwa sodiamu haidroksaidi, atakujibu papo hapo: POP, yaani fenolfthalini. Mwulize kwa nini si MO, methili oranji, atakwambia kwamba asidi dhaifu ikikutana na besi kali hutumika POP. Jibu ni sahihi na alama atapata. Ila kanuni hiyo ya kukariri haimwonyeshi MO ingempotosha kwa kiasi gani, wala haimsaidii siku atakapowekewa mezani kiashiria asichokijua. Mimi ninayefundisha na kuandaa mazoezi ya maabara naona hesabu inayoyaonyesha yote mawili ni fupi, na haistahili kurukwa.

Kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu. Kina umbo la asidi, tuliandike HIn, na umbo la besi, In-, na kila umbo lina rangi yake. Ndani ya chupa ya koni maumbo yote mawili yapo kwa pamoja wakati wote. Kinachobadilika unapofungua bureti ni uwiano wao tu, na uwiano huo unaamuliwa na pH ya myeyuko:

```
[In-]/[HIn] = 10^(pH - pKa)
```

pKa ni namba maalumu ya kila asidi inayoonyesha nguvu yake. pH ikilingana na pKa ya kiashiria, maumbo yako nusu kwa nusu. pH ikizidi pKa kwa 1, umbo la besi linakuwa mara kumi ya lile la asidi, yaani asilimia 91 ya kiashiria chote. Ikizidi kwa 2, ni mara mia. Ikipungua, hesabu inageuka upande wa pili vivyo hivyo.

Jicho letu halisomi uwiano, linasoma rangi. Kwa kawaida rangi moja ikiizidi nyenzake kama mara kumi, tunaiona hiyo peke yake. Ndipo vitabu vinapopata ile kanuni ya kwamba kiashiria hubadilika kati ya pKa toa 1 na pKa jumlisha 1. Hiyo ni kanuni ya kukisia, kwa sababu rangi hazina nguvu sawa machoni. MO ina pKa ya karibu 3.5, lakini jedwali linasema inaanza kubadilika kwenye pH 3.1 na kumaliza kwenye 4.4. Fanya hesabu kwenye 3.1: karibu asilimia 30 ya kiashiria tayari ni ya manjano, na bado wewe unaona nyekundu tupu. Nyekundu ya MO ni kali, inaimeza manjano. Kwenye 4.4 manjano imefika kama asilimia 90, ndipo jicho linakubali kwamba nyekundu imekwisha.

Sasa twende kwenye siki. Siki nyeupe ya dukani iliyoandikwa asilimia 5 ina asidi ya ethanoiki ya karibu 0.83 mol/L. Tuseme tumeizimua kwa maji hadi ikawa 0.100 mol/L kamili, tukachukua 25.0 cm³ kwa pipeti, na bureti ina sodiamu haidroksaidi, NaOH, ya 0.100 mol/L. Nukta ya usawa, pale asidi yote inapokuwa imekutana na besi inayoitosha, ni 25.00 cm³. Tunachotaka ni rangi igeuke hapo hapo.

Kabla ya kumwaga tone la kwanza, pH ya asidi hii ni karibu 2.9. Asidi ya ethanoiki ina pKa ya 4.76, kwa hiyo ukifika nusu ya safari, 12.5 cm³, pH ni 4.76. Katikati hapo pH inapanda polepole sana, maana mchanganyiko wa asidi dhaifu na chumvi yake ni bafa. Mwishoni inaruka. Kwenye 24.95 cm³ pH ni 7.46. Kwenye 25.00 ni 8.73. Kwenye 25.05 ni 10.0. Tone moja la bureti ni karibu 0.05 cm³, kwa hiyo hatua hizo tatu zinatenganishwa na matone mawili tu.

Weka MO humo. Kwenye pH 2.9 ya mwanzo, kabla bureti haijafunguliwa, karibu asilimia 20 ya kiashiria ni ya manjano. Baada ya 3 cm³ za NaOH pH inakuwa karibu 3.9 na manjano imevuka asilimia 70, kwa hiyo chupa ina rangi ya chungwa. Inapofika 4.4, manjano kamili, bureti inasoma takriban 7.6 cm³. Mwanafunzi anayeiamini rangi hiyo atasimama hapo, na kwa hesabu yake siki ya asilimia 5 itatoka na asidi ya asilimia 1.5.

Bora zaidi ni kwamba kosa hilo linajitangaza lenyewe. Angalia kinachotokea kwa tone moja pale kwenye 3 cm³: sehemu ya manjano inaongezeka kwa chini ya nusu ya asilimia. Hakuna jicho linaloliona hilo. Rangi inateleza kutoka nyekundu kwenda chungwa, kisha manjano, kwa sentimita za ujazo saba na zaidi, na wanafunzi wawili waliosimama meza moja watatofautiana kwa 1 au 2 cm³ kuhusu wapi imebadilika. Ukiona rangi inateleza namna hiyo badala ya kugeuka, usiendelee kurudia zoezi ukidhani mkono wako ndio mzito. Kiashiria ndicho kisichofaa.

Bluu ya bromothimoli inafundisha zaidi, kwa sababu imekaribia kufaa. pKa yake ni karibu 7.1, na inabadilika kutoka manjano kwenda bluu kati ya pH 6.0 na 7.6. Katika siki yetu pH 6.0 inafikiwa kwenye 23.6 cm³, na 7.6 kwenye 24.96. Ukisubiri mpaka bluu iwe kamili, jibu lako linapungua kwa 0.04 cm³ tu, chini ya tone moja. Shida ni njiani: kwa zaidi ya 1 cm³ chupa ni ya kijani, na kijani hicho kinakaribia bluu hatua kwa hatua. Ukisimama kwenye kijani kizuri cha katikati, kwenye pH 6.8 hivi, umesimama kwenye 24.8. Mtu mwenye mkono wa kutulia na chupa ya kulinganishia rangi atapata jibu zuri kwa kiashiria hiki. Darasa la watu arobaini halitapata.

POP nayo? pKa yake vitabu vingi huiweka kati ya 9.3 na 9.7, nami nitatumia 9.4. Kwenye 24.95 cm³ umbo la waridi ni kama asilimia 1. Tone moja, tumefika 25.00, na waridi ni asilimia 18. Tone lingine, ni asilimia 80. Hicho ndicho kipimo ninachotaka msomaji abaki nacho anapochagua kiashiria: tone moja kwenye nukta ya usawa linabadilisha uwiano kwa kiasi gani? Kwa MO ndani ya siki, chini ya nusu ya asilimia. Kwa POP, kutoka 1 hadi 18, kisha 80.

Kuna jambo la POP ambalo ile kanuni ya jumlisha-toa 1 hailigusi. Umbo lake la asidi halina rangi kabisa. Kwa hiyo jicho halilinganishi rangi mbili, linangoja waridi ionekane tu, kama uzi mmoja wa zafarani unavyoonekana kwenye kikombe cha maji. Ndiyo maana POP huanza kuonekana kwenye pH 8.2 hivi, ambapo umbo la waridi ni kama asilimia 6 tu, mbali na nusu kwa nusu. Na kwa kuwa jicho linahitaji kiasi fulani cha waridi, si uwiano fulani, idadi ya matone ya kiashiria inaingia kwenye matokeo. Ukiweka matone manne badala ya mawili, kiasi kile kile cha waridi kinapatikana kwa nusu ya uwiano, yaani kwenye pH iliyo chini kwa 0.3. Katika siki yetu mruko ni mkubwa mno kiasi kwamba 0.3 haihamishi hata tone. Katika asidi iliyozimuliwa sana, ambako mruko umefupika, inahamisha. Weka matone mawili au matatu, na idadi iwe ile ile kila mara.

Waridi ya POP pia hufifia. Ukiacha chupa mezani, kaboni dayoksaidi ya hewani inaingia kwenye myeyuko, pH inashuka, na uwiano unarudi nyuma kuelekea umbo lisilo na rangi. Mwanafunzi akiongeza tone kila inapofifia atafukuzana na hewa mpaka jibu lizidi. Simama kwenye waridi hafifu ya kwanza inayodumu kama sekunde 30 ukitikisa chupa, soma bureti, na usiijali tena chupa hiyo.

Ukigeuza mambo, amonia ikiwa ndani ya chupa na asidi ya haidrokloriki kwenye bureti, zote 0.100 mol/L, nukta ya usawa inaangukia pH 5.3 hivi. Hapo POP inapoteza rangi mapema mno, na methili nyekundu yenye pKa ya karibu 5.0 ndiyo inayokaa katikati ya mruko. Hesabu ni ile ile.

Ila kuna mahali hakuna kiashiria kitakachookoa. Pima siki kwa amonia: asidi dhaifu kwa besi dhaifu. Nukta ya usawa iko kwenye pH 7.0, na mtu anaweza kudhani bluu ya bromothimoli itafaa kwa kuwa pKa yake iko pale pale. Lakini tone moja kwenye nukta hiyo linasogeza pH kwa chini ya 0.1. Hata kwa kiashiria chenye pKa ya 7.0 kamili, tone hilo linatoa umbo la besi kutoka asilimia 50 hadi 55, na linalofuata linaliongeza kwa kiasi kama hicho. Utaona kijani, kisha kijani. Hapo usitafute kiashiria kingine. Siki ipime kwa NaOH, na amonia ipime kwa asidi kali.