Herufi H na L kwenye majibu ya damu: daktari aulizwe nini?

"Shangazi amenitumia WhatsApp picha ya majibu yake ya damu. Namba zimejaa, nyingine zina H, nyingine L. Keshokutwa anaonana na daktari. Tumwulize nini?"

H ni jibu lililo juu ya kiwango cha kawaida, L ni lililo chini yake. Kwanza hakikisha picha inasomeka. Karatasi ya FBP, yaani picha kamili ya damu, ina safu nne: jina la kipimo, jibu, kizio, na kiwango cha kawaida. Wengi hupiga picha ya majibu tu na kuzikata safu za kizio na kiwango, kumbe ndizo zinazoipa namba maana. Hemoglobini ya 94 inatisha ukiitazama peke yake, lakini kama kizio ni g/L, hiyo ni 9.4 ya g/dL. Mwambie shangazi ailaze karatasi mezani karibu na dirisha, azime flashi, apige ukurasa mzima, kisha akutumie kama dokumenti, kwa sababu picha ya kawaida ya WhatsApp hubanwa na nukta hupotea.

Halafu nakili kwa mkono mistari yenye herufi, na ile inayokaa jirani nayo. Tuseme unapata hivi, na shangazi ni mama wa miaka 41 anayeanika dagaa kule Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria:

```
WBC     8.6   10^9/L   4.0-11.0
HGB     9.4   g/dL    12.0-16.0    L
HCT    29.2   %         36-46      L
MCV    71     fL        80-100     L
PLT   468     10^9/L   150-400     H
NEUT%  38     %         40-75      L
NEUT#   3.27  10^9/L   2.0-7.0
EOS%   14     %          1-6       H
EOS#    1.20  10^9/L  0.02-0.50    H
```

Kabla ya kuwaza ugonjwa, kagua macho yako. HGB, yaani hemoglobini ambayo wengi huiita HB, ukiizidisha mara tatu hukaribia HCT, ambayo ni asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu. Hapa 9.4 mara tatu ni 28.2, na karatasi inasema 29.2, kwa hiyo tumesoma sawa. Ungeiona ile 9 kama 6, ungepata 19.2, na pengo la kumi lingekuambia urudi kwenye picha. Chembe nyekundu zikiwa ndogo kanuni hii hulegea kidogo, lakini si kwa kiasi hicho. Mimi niliwahi kuruka mstari mmoja kwenye kivuli cha mkunjo wa karatasi, nikampigia ndugu yangu simu usiku kumpa habari mbaya isiyokuwepo. Tangu siku hiyo nazidisha kwanza.

Sasa zipo alama saba. Ukimpelekea daktari maswali saba, dakika kumi za zamu yako zitaisha mkiwa kwenye la pili. Kazi yako ni kuona zipi zinasema jambo moja.

Ianze NEUT%, asilimia ya neutrofili, aina moja ya chembe nyeupe, maana hiyo inaondoka. Asilimia za chembe nyeupe lazima zijumlike kuwa 100, kwa hiyo aina moja ikipanda, nyingine hushuka kwa asilimia hata kama idadi yake haijapungua. Tazama NEUT#, ambayo ni hesabu halisi: 3.27, ipo ndani ya kiwango. Hakuna swali hapo. Wakati wowote % na # zikipingana, sikiliza #. Na ukikuta L au H pweke iliyopishana na mpaka kwa nukta moja, kumbuka kwamba kiwango cha kawaida kwa desturi huwekwa ili kiwachukue watu 95 kati ya 100 wenye afya. Watano waliobaki huandikiwa herufi bila ugonjwa wowote.

HGB, HCT, MCV na PLT ni familia moja. Damu ni pungufu: kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huita anemia chini ya 12.0. Lakini neno kubwa hapa ni MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Chembe ndogo namna hii mara nyingi hutokana na upungufu wa madini chuma, na sahani za damu (PLT) hupenda kupanda madini hayo yakipungua. Pia kuna watu wenye chembe ndogo za kurithi. Kwa hiyo "je, nina upungufu wa damu?" ni swali lililokwisha kujibiwa na karatasi. Linalobaki ni chuma kinapotelea wapi, na hilo daktari hawezi kulijibu bila habari za shangazi. Hedhi yake ni nzito, anabadilisha pedi mara ngapi? Anameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, tangu lini? Dawa hiyo huweza kuchubua tumbo na kuvujisha damu taratibu bila yeye kuhisi.

EOS% na EOS# ni familia ya pili, na safari hii hesabu halisi nayo imepanda. Eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, hupanda kwa pumu, kwa mzio, na kwa minyoo inayopita mwilini. Huku kwetu ziwani mtu aliyekulia kwenye maji hapaswi kutoka chumbani bila kutaja kichocho. Karatasi haisemi kwamba anacho. Inatosha tu kumpa sababu ya kuuliza. Kichocho cha matumbo hutafutwa kwenye choo, na mayai hayatoki kwa kiasi kilekile kila siku, kwa hiyo sampuli moja isiyo na mayai haimalizi mjadala.

Kwenye karatasi ya shangazi ningeandika hivi, kwa maneno yake mwenyewe:

"Daktari, HB yangu ni 9.4 na MCV ni 71. Hedhi yangu ni nzito na nameza diklofenaki karibu kila siku. Unadhani damu inapotelea wapi, na dawa hii niendelee nayo?"

"Tupime feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, kwanza, au nianze dawa za kuongeza damu turudie kipimo baada ya mwezi? HB ipande hadi ngapi ndipo tujue zimefanya kazi?"

"Eosinofili ni 1.20 na naingia ziwani kila wiki. Nipime choo? Kikitoka safi mara moja, nirudie?"

Hilo la pili lina jibu analoweza kulitegemea: chuma kikiwa ndicho kilichopungua na dawa zikamezwa vizuri, HB hupanda kwa kama 1 hadi 2 g/dL ndani ya mwezi. Isipopanda, kuna kitu kingine. Feritini nayo ina hila yake, kwani hupanda mwili ukiwa na maambukizi, hivyo ikitoka ya kawaida daktari bado anaweza kushuku upungufu.

Keshokutwa isisubiriwe akihema akiwa amekaa, akizirai, akitapika damu, au HB ikiwa chini ya 7. Hapo ni hospitali leo.

Jambo moja la kumwuliza shangazi kabla hajaondoka nyumbani: je, ameshanunua vidonge vya kuongeza damu duka la dawa? Daktari akisikia habari za diklofenaki atamwuliza kama choo ni cheusi, maana damu inayovuja tumboni hukifanya hivyo. Vidonge vya chuma navyo hukifanya cheusi. Aandike tarehe aliyoanza kuvimeza, na kama choo kilikuwa cheusi kabla ya hapo.